Iwashe kwa bisibisi kabla hujachomeka waya za swichi

Wadogo zangu mnaoanza kuunga kompyuta za mezani, kazi inayowatoa jasho zaidi ni zile waya nyembamba za mbele ya kasha: swichi ya kuwashia, kitufe cha risiti kinachoanzisha mashine upya, na taa mbili. Pini zake zimebanana pembeni mwa mazabodi, na maandishi yake madogo mno.

Anza na ile nafasi isiyo na pini. Mazabodi nyingi za sasa zina pini tisa katika safu mbili, na nafasi ya kumi ni tupu. Igeuze mpaka nafasi hiyo iwe kulia, safu ya juu. Kwa mpangilio uliozoeleka, juu kutoka kushoto ni pini mbili za taa ya umeme (PLED), kisha mbili za kuwashia (PWR_SW). Chini ni mbili za taa ya diski (HDD_LED), kisha mbili za risiti. Hata hivyo, soma kijitabu cha mazabodi yako, maana wapo watengenezaji wenye mpangilio wao.

Sasa washa pawa saplai kwa swichi yake ya nyuma, kisha gusisha ncha ya bisibisi kwenye pini mbili za PWR_SW kwa pamoja, mara moja tu, uondoe. Feni zikizunguka, mazabodi na pawa saplai zinaitikiana, na lolote litakaloharibika baada ya hapo litafute kwenye waya za kasha. Zima, chomoa umeme, ndipo uchomeke.

Swichi haina chanya wala hasi, chomeka upande wowote. Taa ndiyo inachagua: waya mweupe au mweusi huwa hasi, wa rangi ni chanya. Ukikosea haiungui, haiwaki tu, basi igeuze.

Chake Chake kuna kijana aliletewa mashine ikisemekana pawa saplai imekufa, na mpya ilishanunuliwa. Akabonyeza risiti, ikawaka! Plagi mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi, basi. Hela ya watu imekwenda bure.

Kasha za mitumba zina kero nyingine: plagi ya taa ina matundu matatu, la kati tupu, na pini za mazabodi ni mbili zilizokaribiana. Usilazimishe. Inua kidogo kwa sindano kile kilimi cha plastiki, vuta waya mmoja utoke na chuma chake, uhamishie tundu la kati.

Na huku kwetu chumvi ya bahari inakula vitufe. Feni zikizunguka bila picha kwenye skrini, chomoa plagi ya risiti kwanza; kitufe kilichoganda huishikilia mashine isianze. Ikiwaka na kuzima yenyewe baada ya sekunde nne hivi, kilichoganda ni cha kuwashia. Wengine huchomeka plagi ya risiti kwenye pini za PWR_SW, wakatumia kitufe hicho kuwashia, na mashine inakwenda miaka.