Kijani cha duka la dawa si kijani chochote

Dada mmoja mfamasia alinipa kazi ya kuchora nembo ya duka la dawa alilokuwa anafungua Mbagala. Alikuja na wazo lake kwenye karatasi ya daftari: msalaba mwekundu ndani ya duara jeupe. Maduka mengi ya dawa huku kwetu yana alama hiyo, kwa hiyo sikushangaa. Lakini nilimwomba tuiache kabisa.

Msalaba mwekundu kwenye eneo jeupe ni alama ya ulinzi. Inawalinda wahudumu wa afya vitani, na Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa 1949, kifungu cha 53, unakataza watu binafsi na kampuni kuitumia. Hilali nyekundu nayo iko hivyo hivyo. Dada akauliza, je, tukigeuza, msalaba uwe mweupe na nyuma pawe pekundu? Hapo tunaangukia bendera ya Uswisi, na kifungu kile kile kinaikataza. Mwenye duka anaweza kukaa miaka bila kuguswa, ila siku akitakiwa kuiondoa atalipia upya bango, stika za mlangoni, bahasha za dawa na mhuri.

Hata bila sheria, wekundu ungemponza. Mtaa ule una vibanda vya mawakala wa pesa, na Vodacom na Airtel zote ni nyekundu. Ukisimama kituoni, bango jekundu linapotelea humo humo.

Tukahamia kijani. Ufaransa, Italia na Hispania msalaba wa kijani ndio alama ya famasi, na hapa pia watu wameshaizoea. Nikadhani kazi imekwisha, na hapo ndipo nilipokosea. Nilichagua kijani kibichi cha majani machanga, nikaweka na jani dogo pembeni ya msalaba ili kuleta hisia ya uhai, halafu jina la duka nikaliandika kwa njano.

Wiki ya pili dada akanipigia simu. "Kaka, leo wamekuja watu wawili wanataka dawa ya kuku. Na mama mmoja kaniuliza kama nina unga wa mlonge."

Nilikwenda kusimama ng'ambo ya barabara nikaliangalia bango kama mpita njia. Kijani kile na lile jani vilisema duka la pembejeo, au dawa za asili. Njano juu ya kijani ikaleta jambo jingine: hizo ni rangi za CCM, na ukiwa mbali, kabla hujasoma herufi, unadhani ni ofisi ya tawi. Sikuwa na la kujitetea. Nilikuwa nimechagua rangi kwa kuitazama kwenye kompyuta yangu, wakati mteja anaiona mtaani, katikati ya mabango mengine.

Tulirekebisha hivi. Jani likatoka. Njano ikatoka, jina likawa jeupe. Kijani tukakikoleza na kukisogeza kidogo upande wa buluu, msimbo wake ni #007A4D kwenye skrini, na kwa wino nne za mchapaji, yaani buluu-bahari, majenta, njano na nyeusi, ni karibu C90 M25 Y85 K10. Kijani cha namna hiyo, kikiwa na nyeupe nyingi kukizunguka, kinakumbusha hospitali na usafi, hakikumbushi shamba. Buluu tupu tuliifikiria pia, maana inaleta utulivu na uaminifu, lakini peke yake haisemi dawa. Ingeweza kuwa benki au duka la maji. Nyekundu tuliibakiza sehemu moja tu, kwenye kibao kidogo cha "Tupo wazi usiku", kwa sababu pale tunataka jicho lishtuke.

Safari hii sikumwachia mchapaji achapishe bango zima. Niliomba kipande cha ukubwa wa karatasi ya A4 kwenye turubai lile lile, nikakitundika pale pale dukani, nikakitazama saa sita mchana na tena usiku chini ya taa. Kwenye skrini rangi huwaka kwa mwanga. Kwenye turubai hufifia. Kipande cha kwanza kilitoka cheusi mno, tukapunguza K, yaani wino mweusi.

Jua nalo lina hesabu yake. Wino wa njano na wa majenta huwa unachuja mapema kuliko wa buluu-bahari. Ndiyo maana mabango mekundu yaliyozeeka hugeuka pinki, na kijani chenye njano nyingi huanza kuelekea buluu. Kijani chetu kilishaanzia upande huo, kwa hiyo kikichuja hakitabadilika sura sana.

Mwisho tuliichapa nembo kwa wino mweusi kwenye bahasha ya vidonge, ile ndogo inayoandikwa 1 x 3. Msalaba ulisomeka, jina likasomeka. Dada akaagiza bahasha elfu moja siku ile ile.