Diski niliyonakili imeandikwa Offline

"Nimenakili diski ya laptopu ya duka hapa Kisumu kwenda SSD kwa waya wa USB. Disk Management inasema Offline, signature collision. Nibofye Online?"

Usibofye bado, ndugu. SSD yako ni nzima. Kunakili kumebeba kila kitu, hata namba ya utambulisho ya diski, na Windows haikubali diski mbili zenye namba moja. Ukibofya Online, itaiandikia SSD namba mpya. Faili hazitaguswa, lakini kama diski ni MBR, orodha ya kuwashia Windows iliyo ndani ya SSD bado inataja ile namba ya zamani. Ukiifunga kwenye laptopu utakutana na kosa 0xc000000e.

Kwanza hakikisha ni namba kweli:

```
diskpart
list disk
select disk 1
uniqueid disk
```

Rudia kwa `select disk 0`. Tarakimu nane zikifanana, ziandike kwenye karatasi.

Kwa kuwa SSD ndiyo itakayowasha mashine, zima laptopu, toa diski ya zamani, funga SSD mahali pake, uwashe. Windows ikifunguka vizuri, chomeka ile ya zamani kwa USB na hiyo ndiyo uifanye Online. Itapewa namba mpya, kwa hiyo usitarajie iwashe mashine tena. Mimi ningeiacha kabatini wiki chache kabla ya kuigusa.

Kama umeshabofya, chagua SSD kwenye diskpart ikiwa peke yake, uirudishie namba ya diski ya zamani mahali pa hii ya mfano:

```
uniqueid disk id=1A2B3C4D
```