Barua ya mwisho ya kudai deni: kupoza maneno bila kulegeza tarehe

Swali: Habari za kazi. Nina duka la vifaa vya ujenzi Morogoro. Tarehe 10 Oktoba 2025 nilimkopesha mkandarasi mdogo mabati na saruji, ankara ya shilingi 4,830,000, alipe ndani ya siku 30. Tarehe 28 Novemba alileta 1,500,000, tangu hapo ananizungusha tu. Nimeandika barua ya mwisho lakini mume wangu anasema ni matusi matupu. Kipande chake hiki: "Wewe ni tapeli, umekula jasho langu na hupokei hata simu. Usiponilipa haraka utakiona cha mtema kuni. Nitakuja na polisi hapo saiti na picha yako nitaisambaza kwenye magrupu yote ya mafundi." Niipoze vipi asione nimelegea? Kesho na keshokutwa huenda nikamuuzia tena.

Jibu: Dada, mumeo kaona matusi. Mimi nimeona kwamba kipande kizima hakina kiasi cha deni wala tarehe. Mtu anayedaiwa akiisoma atajua umekasirika, lakini hatajua alete shilingi ngapi, lini, wala nini kitatokea siku inayofuata. Atasubiri hasira iishe, kama alivyosubiri simu ziishe.

Tuanze na vitisho vyako. Deni la kawaida la biashara ni shauri la madai, si la jinai, na polisi hawana kazi ya kukusanyia watu madeni. Mkandarasi analijua hilo, au atakuta saiti mtu wa kumwambia, na akishaona tishio moja ni hewa, yaliyobaki pia atayapuuza. Picha ndiyo mbaya zaidi. Ukimtangaza kuwa tapeli kwenye magrupu, yeye ndiye anayepata madai dhidi yako, ya kashfa, na Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Utakuwa umempa mdaiwa wako karata.

Kupoza barua, basi, ni kufuta kila neno linalomwelezea yeye ni mtu wa namna gani, na kubakiza yanayoeleza deni. "Tapeli" linatoka. "Umekula jasho langu" linatoka. "Hupokei simu" linageuka kuwa jambo lililotokea, lenye tarehe: tulikupigia siku fulani na fulani. Ukweli ukiandikwa kavu unauma kuliko tusi, na hauna cha kubishiwa.

Hatari ya pili huwapata waliokwisha kutulia. Wakishafuta matusi, hujaza adabu hadi tarehe inayeyuka. Angalia hivi vitenzi vyetu. "Tunaomba utulipe" ni ombi, na ombi hukataliwa. "Unatakiwa kulipa" ni dai, na halina tusi ndani yake. "Tunaweza kwenda mahakamani" maana yake huenda tusiende. "Tutalazimika kuchukua hatua stahiki" ni sentensi ambayo kila mdaiwa nchini ameshaipokea, na hakuna anayejua hatua hiyo ni ipi. Sema ni hatua gani, na utaichukua siku gani. Na usiombe radhi kwa usumbufu. Usumbufu umesababishwa na yeye.

Tarehe nayo ina mitego. "Ndani ya siku 10" zinahesabiwa tangu lini, ulipoandika au alipopokea? "Hadi tarehe 13", je, 13 yenyewe imo? Taja siku, tarehe na saa, kisha useme fedha ziwe *zimeingia*, kwa sababu "nimeshatuma" ni wimbo wa zamani.

Kwa deni lako ningeandika hivi, ukiipeleka Jumatatu tarehe 2 Februari:

> YAH: DAI LA MWISHO LA SHILINGI 3,330,000, ANKARA YA TAREHE 10 OKTOBA 2025
>
> Ndugu,
>
> Tunashukuru kwa malipo ya shilingi 1,500,000 uliyoleta tarehe 28 Novemba 2025. Ankara ilikuwa ya shilingi 4,830,000 na ilipaswa kulipwa yote kufikia tarehe 9 Novemba 2025. Salio ni shilingi 3,330,000. Tulikupigia simu tarehe 12 na 20 Januari bila kukupata.
>
> Unatakiwa kulipa salio hilo lote. Fedha ziwe zimeingia kwenye akaunti yetu ifikapo saa 10:00 jioni, Ijumaa tarehe 13 Februari 2026.
>
> Kama una hoja kuhusu mzigo au hesabu, au unataka kulipa kwa awamu, tuandikie kabla ya saa 10:00 jioni, Jumatatu tarehe 9 Februari. Ukitaja awamu, taja kiasi na tarehe ya kila moja. Mpango utaanza kutumika pale tu tutakapoukubali kwa maandishi.
>
> Salio lisipoingia kwa muda huo, na pasipokuwa na mpango tuliokubaliana, Jumatatu tarehe 16 Februari tutamkabidhi wakili nyaraka zote afungue shauri la madai, na tutaiomba mahakama utulipe pia gharama za shauri. Kuanzia siku hiyo duka halitakukopesha tena.
>
> Tungependa kulimaliza hili kabla ya kufika huko.

Tarehe za simu ni za mfano. Weka zile zilizo kwenye simu yako.

Sentensi ya shukrani inaonekana kama upole tu, lakini ina kazi nyingine. Inamkumbusha kwamba alishalipa sehemu ya deni hili hili, kwa hiyo ni vigumu baadaye aseme mzigo haukumfikia. Ile aya ya awamu ndiyo mlango wako wa huruma. Nimeuweka siku nne kabla ya mwisho kwa makusudi, upate nafasi ya kujibu, asije akakuletea "mpango" Ijumaa jioni. Sentensi ya mwisho ndiyo ya ujirani, na moja inatosha.

Sikuweka riba. Kama ankara au mkataba wenu haukutaja riba, usiibuni leo. Utampa la kubishia kwenye hesabu ambayo sasa hivi haina doa. Nimeacha pia "husika na kichwa cha habari hapo juu", maana kichwa anakiona.

Kabla ya kuituma, jiulize kama Jumatatu ya tarehe 16 kweli utakwenda kwa wakili. Kama bado una shaka, futa hiyo na ubakize ile ya kutomkopesha, ambayo iko mikononi mwako kabisa. Kwa mkandarasi anayeishi kwa mabati ya mkopo, huenda hiyo ndiyo itakayomwamsha.

Ipeleke kwa mkono, nakala yako aisaini na kuandika tarehe aliyopokea. Akikataa kusaini, aliyeipeleka aandike nyuma ya nakala siku, saa na mahali. Kisha mtumie ile ile kwa WhatsApp, na usiufute mfululizo wa ujumbe wenu: mahakama zetu hupokea ushahidi wa kielektroniki.

Kuna jambo moja karibu nina hakika litatokea. Ijumaa mchana utaona 500,000 imeingia, na ujumbe: "Dada nipunguzie presha, nyingine wiki ijayo." Ipokee, ni yako. Ila mjibu papo hapo kwa maandishi: "Nimepokea 500,000. Salio ni 2,830,000. Muda wa barua ya tarehe 2 Februari haujabadilika." Ukinyamaza, atadai baadaye kwamba kupokea kwako kulikuwa kumwongezea siku. Na usimjibu kwa simu, hata akikupigia mara tano.