Kumwomba mtu usiyemjua mfahamiane kikazi

Swali: Ninaonja kahawa mjini Mbale. Nataka kumwandikia kwenye LinkedIn mwonjaji mmoja wa Moshi, mama nisiyemjua ila kwa maandishi yake. Nimeandika: “Mpendwa, nataka kuungana na wewe kwa ajili ya kukuza mtandao wangu wa kitaaluma. Natumaini utakubali haraka iwezekanavyo. Asante kwa kukubali.” Rafiki yangu anasema ni kama ninamsukuma. Kosa liko wapi?

Jibu: Sarufi yako haina kasoro kubwa, kinachomsukuma msomaji ni namna ulivyotumia vitenzi. Mahali pa kwanza ni “Natumaini utakubali”. Kiambishi -ta- kinalitaja jambo kama ambalo hakika litatokea, na “haraka iwezekanavyo” inaliwekea muda, halafu “Asante kwa kukubali” inashukuru kwa kitu ambacho mwenyewe hajakitoa. Kwa sentensi hizo mbili umeshamjibia, naye amebaki na kazi ya kutii tu. Kiswahili kina njia nyepesi ya kumrudishia uamuzi, nayo ni -ki- ya masharti: “ukiridhia”, “ukipata nafasi”, “ukiona inafaa”. Neno moja la namna hiyo linafanya kazi kubwa kuliko sentensi nzima ya kuomba radhi kwa usumbufu.

“Nataka” nayo inahitaji kuangaliwa. Wengi wetu hapa Uganda tumekisikia Kiswahili sokoni, kwenye magari ya abiria, au kwa askari, ambako “nataka” hutamkwa bila ubaya wowote kwa sababu shughuli yenyewe inakwenda haraka. Kwa mtu wa Moshi asiyekujua, hasa katika maandishi yasiyo na sauti wala uso, neno hilo linasikika kama dai. Andika “naomba”. Wapo wanaokimbilia “ningependa”. Si vibaya, lakini -nge- huacha sentensi ikingoja sharti ambalo haliji, ilhali “naomba” imetosha na ni nyenyekevu zaidi.

Nimelifikiria sana neno “kuungana”. Nchi huungana, mito huungana, vyama huungana. Kwa watu wawili ambao hawajawahi kusalimiana, ni neno zito mno. Unaweza kujaribiwa kutumia “tujuane”, lakini ujihadhari nalo, kwa kuwa “kujuana” limekwisha kubeba maana ya kupeana kazi kwa upendeleo, na katika ombi la kikazi maana hiyo ndiyo itakayotangulia kusikika. Mimi ningechagua “tufahamiane”. Kauli yake ya kutendana inawaweka nyote wawili ndani ya tendo, wakati “mtandao wangu wa kitaaluma” inamfanya yeye kuwa kifaa cha kukuza kitu chako.

Kuhusu kumwita, “Mpendwa” ni la barua za watu waliozoeana au za kanisani, na “Mheshimiwa” lina harufu ya bunge. “Shikamoo” ni heshima kubwa Tanzania, ila inakadiria umri wake, jambo ambalo huna uhakika nalo. “Bi.” pamoja na jina lake na “Habari za kazi” vinatosha.

Upungufu mkubwa kuliko yote, hata hivyo, ni kwamba ujumbe wako ungeweza kutumwa kwa mtu yeyote, hata mhasibu. Umesema unamfahamu kwa maandishi yake, lakini hukutaja hata moja. Tuseme aliandika kuhusu kukausha kahawa kwenye vichanja, kwamba ikirundikwa nene bila kugeuzwa huchacha, nawe ukaijaribu shauri yake. Hapo andika hivi:

“Habari za kazi, Bi. … Ninaonja kahawa mjini Mbale. Nimefuata maelezo yako ya kugeuza kahawa kwenye vichanja, na harufu ya uchachu imepungua. Ukiridhia, naomba tufahamiane hapa.”

Ujumbe huu, pamoja na jina lake, hauzidi herufi 200, na hilo ni la muhimu kwa sababu maelezo ya mwaliko kwenye LinkedIn yana nafasi finyu. Tazama pia kwamba haukumsifu mahali popote. “Nimefuata” na “imepungua” ziko katika -me-, hali inayoonyesha tendo limekamilika na matokeo yake yapo hadi sasa. Kwake hiyo ni habari, na ndiyo inayoleta uchangamfu ambao “Mpendwa” haikuweza kuuleta. Ila usiandike “nimefuata” kama hujafuata. Ikiwa umesoma tu, andika “nimesoma”, kisha utaje sehemu iliyokugusa, maana mwonjaji atakuuliza swali moja la kitaalamu na utakwama.

Akikubali, usimtumie siku hiyohiyo ombi la kazi au la kutambulishwa kwa wanunuzi. Mshukuru, umuulize jambo moja analoweza kulijibu kwa sentensi mbili, kwa mfano: “Je, wakati wa mawingu huwa mnageuza mara ngapi kwa siku?”