Ameandika "iwe kama ile nyingine", lakini hiyo nyingine hajaituma

Nafanya kazi ya kuchapa nyaraka kwenye steshenari hapa Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya kazi zangu siku hizi huingia kwa WhatsApp. Ujumbe unaonisumbua kuliko yote huwa wa heshima kabisa: "Kaka habari, naomba unichapie mkataba wa fremu, uwe kama ule wa baba mdogo. Napitia saa kumi jioni." Naangalia juu, naangalia chini, hakuna mkataba wa baba mdogo wala wa mtu mwingine.

Wachapaji wengi hapo hufungua kompyuta, wanachukua mkataba wa pango waliomchapia mteja mwingine, wanabadilisha majina na kuendelea. Mimi nakushauri usifanye hivyo, hata kama mteja ana haraka. Mikataba ya fremu hufanana sana kwa nje. Yote ina mpangishaji, mpangaji, kodi, muda na sehemu ya mashahidi. Inapotofautiana ni kwenye mambo ambayo mtu huyakumbuka siku ya ugomvi: notisi ni ya muda gani, nani analipia matengenezo, kodi iliyolipwa mbele inarudishwa au hairudishwi mpangaji akiondoka mapema. Ukiyajaza kwa kubahatisha, mteja ataona karatasi nzuri yenye majina yake na atasaini. Hatajua kwamba masharti yale ni ya mtu mwingine wa mtaa mwingine. Tena huyo mtu mwingine hakukupa ruhusa ya kutembeza mkataba wake.

Kwa hiyo kabla ya kuchapa chochote, tafuta sampuli iko wapi. Mara nyingi mteja anaamini kabisa kwamba ameituma, kwa hiyo kumwambia "hujatuma" kunaleta ubishi tu. Mwambie kile unachokiona upande wako: "Dada, nimepata maneno yako, faili halijafika. Hebu angalia kwenye simu yako lina alama gani." Akiona alama ya saa, faili bado halijaondoka kwake. Maneno ni mepesi, yanapita hata bando likiwa linakata roho, ila faili linabaki likisubiri mtandao. Akiona tiki moja, limeondoka kwake ila simu yako haijalipokea. Na asipoliona kabisa kwenye mazungumzo yenu, basi kalituma kwa mtu mwingine, na hiyo hutokea kuliko unavyodhani. Kama alituma picha ya kutazamwa mara moja na kijana wa dukani akaifungua, imeshapotea. Mwombe aitume tena kwa njia ya kawaida.

Wanaokuja na flashi wana tatizo lao. Mtu anaburuta faili kutoka kwenye kompyuta ya ofisini, kumbe amebeba njia ya mkato tu. Utaliona jina sahihi, "Mkataba wa Pango", lakini ukibofya linagoma, na ukiangalia ukubwa wake ni KB 1 au 2. Aina yake itaandikwa `Shortcut`. Faili lenyewe limebaki ofisini, na hakuna ufundi wa kulitoa kwenye flashi hiyo. Lingine ni faili linaloanza na alama mbili za ajabu, kama hili:

```
~$ataba wa Pango.docx
```

Hilo Word hulitengeneza lenyewe wakati waraka umefunguliwa, kwa ajili ya kukumbuka nani anautumia. Ndani yake hamna hata sharti moja la mkataba. Ukiliona peke yake, mwambie mteja arudi kuchukua lile lenye jina kamili, baada ya kufunga Word.

Na akikutumia kiungo cha Google Drive kikakuandikia `You need access`, usikae ukisubiri. Mpigie simu mwenye faili afungue ruhusa, kwa sababu ombi lako linaenda kwenye barua pepe ambayo huenda anaifungua mara moja kwa wiki.

Sasa nirudi kwa huyu dada na baba yake mdogo. Tulipoongea ilibainika kwamba mkataba wenyewe hakuwa nao hata kidogo. Aliuona mezani kwa baba mdogo, akaupenda. Nikamuuliza swali ambalo ndilo nakushauri ulishike: "Kipi hasa cha mkataba ule unataka kiwe kwenye wako?" Watu hujibu vizuri ajabu ukiwauliza hivyo. Yeye alisema vitu viwili. Kwanza, ule ulikuwa na sehemu ya kila upande kusaini kila ukurasa, si wa mwisho peke yake. Pili, ulieleza kwamba mwenye fremu hawezi kupandisha kodi katikati ya muda. Sura ya mkataba, aina ya maandishi, nembo, hakuvijali hata kimoja.

Nilichapa kile alichokijua kwa hakika: majina, mahali fremu ilipo, kodi kwa mwezi, miezi sita mbele, tarehe ya kuanza, na yale mambo mawili. Yaliyobaki nikayaacha wazi kwa mabano na rangi ya njano: [MUDA WA NOTISI], [NANI ANALIPIA MATENGENEZO], [KODI IKIBAKI INARUDISHWA?]. Juu ya ukurasa nikaandika kwa herufi kubwa RASIMU, USISAINI. Hilo neno usilione dogo, kwa sababu kuna mwenye nyumba anayesaini chochote kilichowekwa mbele yake, na kuna mpangaji anayeogopa kuuliza. Nikamtumia ikiwa PDF pamoja na maelezo mafupi: "Dada, hii haijafuata mkataba wa baba mdogo kwa sababu sijauona. Penye njano panahitaji jibu lako na la mwenye fremu."

Kesho yake baba mdogo akapiga picha mkataba wake, akautuma. Picha zilikuja tatu. Masharti yalikwenda vizuri mpaka namba 6, picha iliyofuata ikaanzia namba 9. Hapo ndipo utajua ukurasa mmoja umerukwa, hata kama mtumaji anaapa ametuma wote. Angalia namba za masharti, angalia kama sentensi ya mwisho ya ukurasa inaungana na ya kwanza ya unaofuata, na uulize kama kuna maandishi nyuma ya karatasi. Ukurasa uliokosekana ulipokuja, ndio uliokuwa na notisi: miezi mitatu. Fremu nyingi ninazochapia mikataba huandika mwezi mmoja, na ningefuata mazoea hayo ningemwandikia mwezi mmoja.

Hata hivyo sikuinakili ile mitatu moja kwa moja. Nilimwonyesha dada, naye akaenda kuelewana na mwenye fremu wake, wakakubaliana miwili. Sharti la kurudisha kodi lilikuwa na maneno mazito ya kisheria, nikamwambia aende nalo kwa wakili, maana mchapaji hana mamlaka ya kumweleza mtu maana ya sharti atakalobanwa nalo.

Kabla ya kuchapisha nakala ya mwisho nilibonyeza `Ctrl+F` nikatafuta mabano ya mraba, kuhakikisha hakuna pengo lililobaki, kisha nikatafuta jina la baba mdogo, kwa kuwa masharti mawili nilikuwa nimeyachapa kutoka kwake. Lilikuwa limebaki mahali pamoja, kwenye mstari wa shahidi.