Swali la lugha: "kosa sanifu" kakosea nani?

*Shikamoo mwalimu. Nipo chuo hapa Moshi namalizia ripoti ya utafiti. Msimamizi kanirudishia sura ya nne kisa nimechanganya mchepuko sanifu na kosa sanifu. Sasa mimi sijakosea kupima popote, hilo kosa linatoka wapi? Na si yote mawili yanaonyesha namba zimetawanyika kiasi gani?*

Marahaba mdogo wangu. Tuanzie kwenye kitenzi, maana hapo ndo penye uchawi wote. Kiswahili kina kukosa na kina kukosea. Ukirusha jiwe kwenye embe likapita pembeni, umelikosa embe, hakuna atakayesema umelikosea. Kukosea ni kufanya sivyo, kukosa ni kutofika kwenye shabaha hata kama mkono wako ulikuwa sawasawa. Kosa la kwenye takwimu limelalia huku kwa kukosa, ila bahati mbaya nomino yetu ni moja tu, kosa, na mtu akiiona kichwa kinakimbilia mahakamani. Wazungu wenye neno lao asilia, error, walilirithi kwa waliokuwa wanapima nyota, enzi za kina Gauss mwanzoni mwa miaka ya 1800, watu wanapima nyota ileile mara kumi wanapata majibu kumi yanayopishana kidogo, na ule upishano wakauita kosa bila kumlaumu mtu.

Mchepuko nao una visa vyake. Darasani ukilitaja tu wanacheka, kwa sababu mtaani mchepuko ni yule wa pembeni ya ndoa. Waache wacheke, picha yenyewe iko sawa, kuchepuka ni kutoka njia kuu. Swali la kujiuliza kila mara ni, anayechepuka ni nani, na anachepuka kutoka wapi.

Sasa twende Soko la Mbuyuni tukapime ndizi mshare. Najua pale mkungu unauzwa kwa macho, mama anauinua kidogo anakutajia bei basi, ila tuseme tumeazima mizani ya kuning'iniza na tumepima mikungu 36. Wastani umetoka kilo 24. Lakini mkungu mmoja mmoja haufanani, huu umetoka kwenye mgomba ulioota kando ya mfereji una kilo 33, ule wa pili umekonda una 17. Ukikokotoa mchepuko sanifu unapata kilo 6. Hiyo 6 inazungumzia mikungu, yaani kwa kawaida mkungu mmoja unaupita au unapungukiwa na wastani kwa kama kilo 6 hivi. Ni tabia ya ndizi zenyewe. Ukirudi kesho ukapima mikungu 144 badala ya 36 itabaki palepale karibu na 6, kwa sababu ndizi hazijui umepima ngapi.

Halafu fikiria hivi, siku hiyo hukwenda peke yako, mmekwenda darasa zima wanafunzi 50, kila mmoja kaokota mikungu yake 36 bila kuchagua, kaipima, na karudi na namba moja tu mkononi, wastani wake. Mmoja ana 24.3, mwingine 22.8, mwingine 25.1. Mikungu sasa tumeisahau, tumebaki na wastani 50, na ukizichora hizo 50 kwenye grafu ule mlima unaouona ndo picha ya kile vitabu vinakiita msambao wa sampuli. Upana wa mlima huo ndo kosa sanifu. Kwa hiyo anayechepuka hapa ni wastani wa mwanafunzi, na anachepuka kutoka kwenye wastani wa kweli wa ndizi zote za soko, ile shabaha ambayo kila mmoja karushia jiwe lake moja.

Na hapa lugha inatuangusha kidogo. Neno wastani halina wingi uliozoeleka, nimeandika "wastani 50" na najua kuna aliyekunja uso. Tumezoea wastani kuwa mmoja, basi mwanafunzi hata hapati picha kwamba wastani nazo zinaweza kuwa nyingi na zikatawanyika. Kibaya zaidi "msambao wa sampuli" ukiusikia hivihivi unadhani ni msambao wa ile mikungu 36 iliyomo ndani ya sampuli yako, kumbe siyo. Mimi nashauri uandike kirefu, msambao wa wastani za sampuli, liwe refu lakini lieleweke.

Utasema, sasa mimi sina wanafunzi 50, nilikwenda peke yangu. Ndiyo, na raha ya hesabu hii ni kwamba huhitaji kuwatuma. Unachukua mchepuko sanifu wako unaugawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi uliyopima. Kipeuo cha 36 ni 6, kwa hiyo 6 gawanya kwa 6, kosa sanifu ni kilo 1. Maana yake wale wenzako 50 kama wangeenda kweli, karibu theluthi mbili yao wangerudi na wastani ulio ndani ya kilo 1 kutoka kwenye ule wa kweli. Ukipima mikungu 144 kosa linashuka hadi nusu kilo, umepima mara nne ili ulipunguze nusu tu, kazi ipo! Kwenye eksel hakuna fomula yake ya moja kwa moja, unaiunda mwenyewe:

```
=STDEV.S(A2:A37)/SQRT(COUNT(A2:A37))
```

Nahisi wewe ulipotelea kwenye jedwali la SPSS, pale `Std. Deviation`, yaani mchepuko sanifu, na `Std. Error Mean`, yaani kosa sanifu, zimekaa bega kwa bega, na watu wengi wanachukua iliyo ndogo kwa sababu inapendeza. Kujua kama umechukua sivyo ni rahisi, rudi kwenye data zako uhesabu. Kama umeandika mchepuko ni kilo 1, basi karibu theluthi mbili ya mikungu ingekuwa kati ya kilo 23 na 25. Hesabu, utakuta kama mitano hivi kati ya 36. Hiyo 1 haikuwa ya mikungu.

Ila kuna mtego mmoja ambao eksel haitakuambia. Tuseme ile mikungu 36 yote ulipima kwenye toroli tatu, kila toroli imetoka shamba moja. Ndizi za shamba moja ni ndugu, maji mamoja mbolea moja, ukishapima mitano wa sita unakaribia kuukisia. Fomula inadhani una mashahidi 36 wasiojuana wakati unao kama watatu wenye ndugu zao, itakupa kilo 1 lakini kukosa kwako shabaha kwa kweli ni kukubwa kuliko hapo.

Kwa upande wa msamiati, baadhi wanaandika mkengeuko badala ya mchepuko, sina ugomvi nao, na hitilafu sanifu badala ya kosa sanifu, hilo mimi silipendi maana hitilafu inanikumbusha umeme. Chagua moja ubaki nalo ripoti nzima. Na ile sentensi yako ya sura ya nne usiiache na "24 ± 1" mtupu, kwa sababu msomaji atadhani mikungu yote ya Mbuyuni inakaribiana. Andika: wastani wa uzito ulikuwa kilo 24, mchepuko sanifu kilo 6, kosa sanifu la wastani kilo 1, mikungu 36.