Jina la filamu fupi lisilomwaga siri ya mwisho

Swali: Assalaam alaykum kaka. Nimemaliza kuhariri filamu ya hali halisi ya dakika 17 juu ya mzee mmoja, fundi wa majahazi kule Nungwi. Tunamfuata tangu anapoweka mkuku mpaka siku ya kushua chombo majini. Mtazamaji hajui mpaka dakika ya 15 kwamba mwenye chombo ameamua kutia mashine, na mzee analishua jahazi bila mlingoti. Niliiita "Jahazi la Mwisho", mwenzangu akasema nimeshamaliza uhondo. Nikabadilisha ikawa "Upepo", akasema halisemi kitu. Tamasha linataka jina kabla mwezi haujaisha. Nifanyeje?

Jibu: Waalaykum salaam ndugu yangu. Mwenzako ana jicho, msikilize. Majina yako mawili yameanguka pande mbili tofauti, na ukiona kwa nini yameanguka, la tatu halitakusumbua sana.

Chukua karatasi uandike mistari mitatu. Wa kwanza, filamu inaonyesha nini: mzee anaunda jahazi Nungwi. Wa pili, filamu inauliza nini: chombo kisichokuwa na tanga, bado ni jahazi? Na fundi wake bado ni fundi wa majahazi? Wa tatu, filamu inajibu nini: mzee analishua hivyo hivyo. Jina zuri hukaa kwenye mstari wa pili. Lazima liguse kitu kinachoonekana kwenye mstari wa kwanza, ili mtu apate pa kushika, lakini lisivuke kuingia wa tatu. "Jahazi la Mwisho" limechukuliwa moja kwa moja kutoka mstari wa tatu. "Upepo" halina mstari wowote. Lingeweza kuwa jina la filamu ya wavuvi wa Kilwa, ya mitambo ya umeme au ya msichana anayerusha tiara.

Nikae kidogo hapo kwenye neno "mwisho", maana linaingia kwenye filamu zetu nyingi za ufundi wa zamani. Mtu akisoma "Fundi wa Mwisho" au "Ngoma ya Mwisho" ameshajua kwamba kitu kinakufa, tena ameshajua ahuzunike vipi. Dakika zako 15 za kwanza zinageuka matanga. Kila mzee anapochukua tezo, mtazamaji anaona maiti, haoni kazi. Na wewe unataka kinyume chake: unataka aamini kwamba chombo hiki kitaondoka na tanga lake, ili siku ya kushua imshtue.

Kuna mwagaji siri mwingine ambaye watu hawamwoni, naye ni kitenzi. Lugha yetu inabeba wakati ndani ya kitenzi, kwa hiyo silabi moja inatosha kufunga hadithi. Jina lenye "-li-" au "-me-" linasema jambo limekwisha kutendeka: "Jahazi Limeshuka", "Mzee Alikubali". Hata lile la kuunganisha, "Aliyebaki" au "Aliyerudi", linajibu kabla hujauliza. Msomaji ameshajua kuna mmoja kabaki, kuna mmoja karudi. Majina yenye "-ki-", au yasiyo na kitenzi kabisa, huacha mlango wazi. "Tukingoja Kusi" ni mfano. Hatujui kama kusi itavuma, wala kama anayeingoja atapata faida yake.

Nalitaja hilo kwa sababu najua litakuvutia, maana ni zuri masikioni. Kwa filamu yako silitaki. Linaahidi safari ya baharini, na wewe huna safari. Una ufuo wa pwani, mbao na mzee. Anayelichagua kwenye orodha ya tamasha atakaa akingoja bahari, kisha atatoka akihisi kadanganywa. Kuficha mwisho ni haki yako, lakini kudanganya juu ya aina ya filamu ni jambo jingine.

Sasa tutafute ndani ya filamu yenyewe, maana majina mengi yanayodumu hayatungwi mezani. Yanaokotwa kwenye mazungumzo, vitu, mahali na majina ya utani. Sam Soko alipotengeneza *Softie* (2020) alimfuata Boniface Mwangi akigombea ubunge wa Starehe mwaka 2017. Mtu yeyote wa Nairobi anajua uchaguzi ule uliishaje. Jina la filamu haligusi uchaguzi hata kidogo. Ni jina la utani la Mwangi la utotoni, mtu laini. Unaingia ukiona mwanaharakati anayebebwa na polisi na unajiuliza ulaini uko wapi, na swali hilo linakupeleka nyumbani kwake, kwa mke na watoto, ambako filamu ina uzito wake. Matokeo ya kura unaweza kuyajua tangu mwanzo na usipoteze kitu.

Kwako wewe, pitia tena mafaili yako ghafi, siyo filamu iliyokatwa tu, ukiwa na kalamu. Andika kila kitu ambacho mzee anakitaja au kukishika zaidi ya mara moja kabla ya nusu ya filamu. Sijaiona kazi yako, lakini kazi ya jahazi naijua kiasi: kutakuwa na mkuku, mataruma, keekee, pamba ya kalafati, na kutakuwa na wakati mzee anapoonyesha mlingoti utasimama wapi. Huo wa mwisho ndio ninaoutaka. "Mahali pa Mlingoti."

Liangalie kwa mistari yetu mitatu. Linataja kitu cha kushikika, hata asiyejua jahazi anajua mlingoti. Linagusa swali, kwa kuwa mlingoti ndio unaofanya chombo kiende kwa upepo. Na halijibu: anayelisoma bangoni atafikiri ni filamu ya vipimo na ufundi, labda ya heshima ya mzee kijijini. Ikifika dakika ya 15, mahali pale pakiwa patupu, jina lile lile linasema jambo jingine bila wewe kubadilisha herufi. Ukiliita "Pasipo Mlingoti" umelimwaga. Tofauti ya majina hayo mawili ni ndogo sana kwa sauti, ila la pili limeshatoboa dakika ya 15.

Niliangalia pia "Tanga", ambalo ni fupi na lingependeza kwenye bango. Tatizo ni kwamba kuna mji. Mtu akiitafuta filamu yako mtandaoni ataletewa mabasi, hoteli na ligi ya mpira. "Kushua" nalo lina nguvu, lakini wengi wa mbali na pwani hawalijui neno, na wanaolijua watakaa wakihesabu dakika mpaka chombo kiingie majini.

Jina hilo litafanya kazi kwa sharti moja: mbegu yake iwe imepandwa mapema. Hapa ndipo wahariri wengi wanakosea. Wanachukua sentensi tamu ambayo mhusika anaisema dakika ya mwisho, wanaifanya jina, halafu mtazamaji anakaa akiisubiri. Akiisikia tu, anajua filamu inaisha na mkono unaanza kutafuta simu. Kwa hiyo tafuta ile picha ya mzee akipima mahali pa mlingoti, uiweke ndani ya dakika tatu za kwanza, bila muziki na bila maelezo. Asitamke jina la filamu neno kwa neno kama unaweza kuepuka. Aseme tu "hapa ndipo utakaposimama" na aendelee na kazi. Baada ya hapo liache jambo hilo mpaka dakika ya 15. Ukilirudia katikati, mwenye akili atashtuka mapema.

Maandishi ya jina yaje baada ya picha hiyo, siyo kabla. Yakae muda wa mtu kulisoma mara mbili kimoyomoyo, na kwa maneno matatu sekunde nne zinatosha. Kama picha hiyo haipo kabisa kwenye mafaili yako, basi jina hili si lako. Rudi kwenye orodha uliyoandika, utazame kitu gani kingine kipo mwanzoni na kimebadilika mwishoni.

Kabla hujatuma, lijaribu kwa watu watano au sita ambao hawajaiona filamu, wasiwe ndugu zako. Waonyeshe jina pamoja na picha ya bango, kisha uwaulize swali moja tu: unadhani filamu hii itaishaje? Usiwaulize kama jina ni zuri, watakwambia zuri. Wawili wakikisia karibu na ukweli, kuna kinachovuja, na mara nyingi si jina bali picha. Wote wakisema "sijui" kwa uso mkavu, bila hata kujaribu, umerudi kwenye "Upepo". Unachotaka ni makisio tofauti tofauti, yote yakizunguka jahazi na mzee. Kisha chukua wengine, waonyeshe filamu nzima, na uwaulize jina lina maana gani. Wakikupa maana ile ile ambayo kundi la kwanza lingekupa, jina halijabadilika njiani, maana yake bado liko kwenye mstari wa kwanza.

Kwa jaribio hilo hilo utagundua kwamba jina pekee halilindi siri. Muhtasari unaoutuma tamasha usiandike "mpaka pale mwenye chombo anapofanya uamuzi usiotarajiwa". Sentensi hiyo imeshamwambia msomaji asubiri pigo, naye atalitafuta. Andika hali na swali, uishie hapo: mzee anaunda jahazi, na siku ya kushua inakaribia. Bangoni usitumie picha ya chombo kikiwa majini bila mlingoti, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote ulizopiga. Na kama mzee amefariki baada ya upigaji picha, au unataka kumtunukia mtu filamu, maandishi ya kumbukumbu yaende mwisho kabisa. Nimeona filamu ikihifadhi siri kwenye jina, muhtasari na bango, halafu ikafunguka kwa "kwa kumbukumbu ya".

Tazama pia jina la faili unalowatumia waamuzi. Wanalisoma kabla ya kitu kingine chochote, na kama bado linasomeka `JahaziLaMwisho_v9.mp4`, kazi yote hii imekwenda bure.